Maji Kujaa: albamu mpya, Ijumaa 14 Agosti 2026

1
MAJI KUJAA
Nyimbo 9. Udi, ganuni na besi nzito. Telezesha 👉

2
“Ulitoka hukuaga,
Warudi wabisha hodi,
Chai nimeshaimwaga,
Na kukungoja si jadi.”
(Ndiyo, ni wewe. Unajijua 😏)

3
Hicho ni kionjo cha “Hodi”, wimbo wa 2.
“Ng'ambo Usiku”: kidumbaki cha kuchezea, wekeni viti pembeni.
“Dau la Bibi”: sauti yangu na udi tu, tulirekodi Malindi dirisha wazi, adhana ya mbali imesikika, nikaiacha.

4
Saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa: Boomplay, Audiomack, Spotify, Apple Music, YouTube.
Kiungo kipo kwenye wasifu. Mtagi aliyekuacha bila kuaga 👇