Mgawanyo wa madaraka: jibu fupi la Uraia kwa mifano ya huku kusini

Swali: Eleza maana ya mgawanyo wa madaraka, na uoneshe kwa mifano ya maisha ya kila siku kwa nini unahitajika Tanzania.

Jibu:

Mgawanyo wa madaraka ni utaratibu wa kuyaweka mamlaka ya nchi katika vyombo vitatu, ili anayetunga sheria asiwe yeye anayeitekeleza, na anayeitekeleza asiwe yeye anayeamua nani kaivunja. Vyombo hivyo tunaviita mihimili: Bunge linatunga sheria na kuisimamia Serikali, Serikali inatekeleza, Mahakama inatoa haki. Wazo hili lilienezwa sana na Mfaransa Montesquieu katika karne ya 18. Kwetu limeandikwa katika Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977, ambayo inataja vyombo viwili viwili kwa kila kazi, kwa sababu Zanzibar nayo ina Serikali, Baraza la Wawakilishi na Mahakama yake.

Ukitaka kuona kwa nini mtu mmoja asishike yote, nenda kwenye chama cha msingi msimu wa korosho. Mkulima wa Nanyamba analeta magunia yake. Mmoja anapima kwenye mzani, mwingine anaandika kilo kwenye daftari na kumpa mkulima stakabadhi. Bei haipangwi na yeyote kati ya hao wawili; inapatikana mnadani, zabuni zikisomwa mbele ya wakulima, nao wana haki ya kuikubali au kuikataa. Malipo yanapita benki. Sasa fikiria kazi hizo zote amepewa mtu mmoja: anapima, anaandika, anapanga bei, analipa, na ukiwa na malalamiko unampelekea yeye huyohuyo. Gunia la kilo 80 likisomeka 76, utamlalamikia nani? Hata akiwa mtu mwema, hakuna wa kumwonesha kwamba mzani wake umekosea. Katiba inaitazama nchi kwa jicho hilohilo. Haisemi kwamba viongozi ni wezi. Inachokataa ni mtu kuwa mwamuzi wa kazi yake mwenyewe.

Mfano wa pili ni kijijini. Mbuzi wameingia shambani na kula mihogo. Kanuni ya kutoza faini haitoki kichwani kwa mtendaji wa kijiji: sheria ndogo inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa wanakijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mtendaji anaisimamia. Mwenye mbuzi akikana kosa, anayeamua ni Mahakama ya Mwanzo. Mambo yanaharibika pale mtendaji anapotamka kiwango papo hapo, anapowashikilia mbuzi na kupokea hela bila stakabadhi ya serikali. Hapo kazi tatu zimekaa kwenye kiganja kimoja, na mwenye mbuzi hana pa kwenda.

Barabarani ni vivyo hivyo. Bodaboda wa Mkuti, Masasi, akisimamishwa kwa kukosa kofia ngumu, trafiki anaweza kumwandikia faini, lakini kiwango chake kimewekwa na sheria. Faini ya pikipiki na bajaji ilipopunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, uamuzi ulipita Bungeni pamoja na bajeti. Dereva akiona hakukosa, anaweza kukataa kulipa na kuomba apelekwe mahakamani. Wanafunzi wengi wanakosea hapa kwa kuandika kwamba polisi ni sehemu ya Mahakama kwa kuwa wanakamata wahalifu. Polisi wako upande wa Serikali, na mwendesha mashtaka pia. Anayesema "una hatia" ni hakimu au jaji peke yake, na Ibara ya 107B inamtaka awe huru na afuate Katiba na sheria za nchi tu.

Mfano mkubwa zaidi, ambao kila familia yenye mikorosho inaujua, ni wa mwaka 2018. Ushuru wa korosho zinazouzwa nje ulikuwa unagawanywa, na sehemu kubwa inarudi kuendeleza zao lenyewe. Serikali ilitaka fedha zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Waziri hakuweza kulifanya hilo kwa barua, maana mgawo ule ulikuwa ndani ya sheria. Ilibidi apeleke mabadiliko Bungeni. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipinga kwa nguvu, kura ikapigwa, mabadiliko yakapita. Novemba mwaka huohuo Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumika kuzisomba. Kubadili ushuru ni kazi ya Bunge. Kununua na kusomba ni utendaji. Ukiweza kuitenganisha mifano hii miwili kwenye mtihani, umeelewa somo.

Usiandike, hata hivyo, kwamba mihimili yetu imetengana kabisa. Si kweli. Mawaziri wote lazima wawe wabunge, kwa hiyo watu haohao wanatekeleza na wanapiga kura Bungeni. Rais ni sehemu mojawapo ya Bunge kwa Ibara ya 62, anateua wabunge hadi 10, na ndiye anayemteua Jaji Mkuu. Ndiyo maana mgawanyo peke yake hautoshi. Kila mhimili unahitaji uwezo wa kuuzuia mwenzake. Muswada uliopitishwa na Bunge si sheria mpaka Rais aukubali. Akiukataa, anaurudisha na sababu zake, na hauwezi kumrudia kabla ya miezi 6 isipokuwa uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Ukimrudia kwa njia hiyo ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Bunge nalo linaweza kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani, na hata kumshtaki Rais kwa Ibara ya 46A.

Kosa jingine la kuepuka: mgawanyo wa madaraka si ugatuzi. Ugatuzi ni kushusha madaraka kutoka Serikali Kuu kwenda halmashauri, kama ile ya Newala au Nachingwea. Mgawanyo unatenganisha kazi tatu zilizo tofauti. Jibu linaloanza na "kupeleka madaraka kwa wananchi" limejibu swali lisiloulizwa, na alama zinapotea hata kama Kiswahili chake ni kizuri.

Kwa upande wa Mahakama, mfano ulio wazi unawahusu wanafunzi wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi alifungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Tazama majaji walifanya nini baada ya kuona kasoro. Hawakukaa chini kuandika sheria mpya ya ndoa, maana kalamu hiyo si yao. Waliipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha vifungu hivyo ili umri uwe miaka 18 kwa wote, na marekebisho ya sheria hayana njia nyingine ila kupelekwa Bungeni.