Salamu za Mwaka Mpya 2025 kutoka kwa wabanguaji wa korosho, Chikongola, Mtwara

*Kwa mnunuzi wetu wa Kariakoo*

Kaka yangu, heri ya mwaka mpya, wewe, wifi na watoto. Nimekuandikia mwenyewe, kwa sababu wewe si mtu wa kurushiwa picha ya fataki iliyokwisha kupita kwenye makundi kumi.

Mei iliyopita, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu na barabara ikakatika kule Somanga, mzigo wako ulikuwa njiani. Ungechukua korosho kwa mwingine nisingekulaumu, maana mteja wa dukani hangoji barabara itengenezwe. Wewe ulipiga simu, na swali lako la kwanza lilikuwa kama dereva amepata chakula huko alikokwama. Mzigo ulipofika, maboksi yaliyolowa uliyatenga, ukanitumia picha, tukaelewana bei bila kupandishiana sauti. Yaliyobaki ukalipa siku ileile. Akina mama hapa mezani bado wanakutaja.

Ramadhani mwaka huu tunaitarajia mwanzoni mwa Machi. Korosho nzima nyeupe tutakuwekea akiba, ila usingoje mwezi uandame ndipo uagize. Na bei tuliyokubaliana Desemba ni ileile mpaka Idi.

*Kwa mpishi mkuu wa hoteli, Mikindani*

Chifu, heri ya mwaka mpya kwako na kwa wenzako wote wa jikoni. Kila mtu anataka korosho nzima. Vipande vilikuwa vinatulalia stoo mpaka ulipokuja ukaviomba wewe kwa ajili ya mchuzi wa samaki na zile keki za wageni. Tangu hapo vipande havikai. Umetufungulia mlango ambao hatukujua kama upo. Wiki ijayo nitakuletea kimfuko cha zilizokaangwa kwa chumvi kidogo, uonje uniambie ukweli. Hicho hakina ankara.

*Kwa katibu wa chama cha msingi, Tandahimba*

Shikamoo mzee wangu. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wakulima wote wa chama.

Oktoba, bei mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, sisi wabanguaji wadogo tulifurahi na tukaguna papo hapo. Tulifurahi kwa sababu wengi wetu ni watoto wa wakulima, na msimu huu kuna nyumba zimepauliwa na ada zimelipwa mapema. Tukaguna kwa sababu ghafi ya bei hiyo ukiibangua vibaya imekula kwako. Kilichotusaidia ni wewe kutueleza wazi ubora wa kila shehena kabla hatujafunga safari, na kutuelekeza makaratasi yote ya ghalani. Kwa msaada wako tumeumaliza msimu bila kugusa kangomba hata kilo moja. Mungu akupe afya, na mvua ziwe za kiasi wakati wa maua.

*Kwa kijana wa vifurushi, stendi*

Mdogo wangu, mwaka mpya mwema. Wewe ndiye unayeandika "USIKALIE" kwa maka pembe zote nne za boksi, hata nisipokukumbusha. Nimeliona hilo na wateja wamelifaidi. Mwaka huu nataka tuwe na daftari moja la mizigo, tuwe tunasaini wote wawili, ili mzigo ukichelewa asionewe mtu. Tuonane Jumatatu asubuhi kabla basi halijatoka. Chai na chapati juu yangu.

*Kwa mchapaji wetu wa lebo*

Heri ya 2025, fundi. Lebo mpya hazibanduki hata mikono ikiwa na mafuta. Asante kwa kukubali kutuchapia kidogokidogo kama mfuko unavyoruhusu. Deni la Novemba nimelimalizia jana, angalia simu yako.

*Kwa dada wa duka la Masasi*

Dada yangu, heri ya mwaka mpya. Najua tangu katikati ya mwaka unachukua korosho kwingine, na biashara ndivyo ilivyo. Sikuandikii leo ili urudi. Nakuandikia kwa sababu tulipoanza, tukibangua kwa mikono iliyoungua mafuta ya maganda na hatuna hata mizani ya maana, wewe ndiye uliyenunua mifuko ya kwanza na kutuambia bila kificho kwamba ile ngozi nyekundu ya ndani tunaiacha nyingi mno. Leo wasichana wanaojiunga nasi wanaanza kufundishwa hapo hapo. Nisalimie mama, na mwambie nimesikia goti linamsumbua. Nikipita Masasi mwezi huu nitamjulia hali.

Wenu,
Mwenyekiti wa kikundi
Chikongola, Mtwara
1 Januari 2025