Huduma ya Kwanza Nyumbani: Kukabwa na Kuungua

Karatasi hii inakaa nyuma ya mlango wa jiko. Ni tafsiri ya ile ya Kiingereza iliyokuwa kwenye jokofu, na hesabu zake hazijaguswa: mara 5 ni mara 5, dakika 20 ni dakika 20. Tulichoongeza ni mambo ya nyumba hii ya Tabata: maji ya simtangi, jiko la gesi, Bibi na meno yake ya bandia, mtoto wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 8. Kila anayebaki na watoto aisome yote siku ya kwanza, akiwemo dada.

Zimamoto: 114. Polisi na dharura: 112. Hospitali iliyo karibu ni Amana.

Kukabwa kumetangulia kwa sababu hakukupi muda wa kufungua ukurasa.

KUKABWA: MTU MZIMA, NA MTOTO WA MWAKA 1 NA KUENDELEA

Muulize: "Umekabwa?" Akijibu, akilia kwa sauti au akikohoa kwa nguvu, hewa bado inapita. Mwambie aendelee kukohoa na ubaki naye. Usimpige mgongoni, usimpe maji, wala usimpe tonge la ugali au ndizi ili "lisukume". Kikohozi chake kina nguvu kuliko chochote utakachomfanyia wewe, na tonge la pili huziba hata ile nafasi ndogo iliyobaki.

Kama hawezi kuongea, kikohozi hakitoi sauti, ameshika koo, au midomo inageuka rangi, anza mara moja. Mwingine apige 112 na atafute gari.

1. Simama pembeni yake, nyuma kidogo. Mkono mmoja umshike kifuani, muinamishe mbele mpaka kichwa kiwe chini kuliko kifua, ili kitu kikitoka kiangukie nje. Akiwa wima, kinaweza kurudi ndani.

2. Mpige kwa nguvu katikati ya mabega mara 5, kwa kisigino cha kiganja (ile sehemu ngumu karibu na kifundo cha mkono). Kila pigo lijitegemee. Baada ya kila moja angalia: kimetoka? Kikitoka, acha.

3. Bado? Simama nyuma yake na umzungushie mikono. Kunja ngumi, upande wa kidole gumba uiweke juu kidogo ya kitovu, chini kabisa ya mfupa wa kidari bila kuugusa. Shika ngumi kwa mkono mwingine, vuta kwa ghafla ndani na juu. Mara 5. Kwa mtoto wa miaka 4 piga goti nyuma yake. Ukisimama utamvuta mbavu badala ya tumbo.

4. Rudia: 5 mgongoni, 5 tumboni, bila kupumzika, mpaka kitu kitoke, au aanze kupumua au kukohoa, au azimie.

Mjamzito, au mtu mnene ambaye mikono yako haimzunguki, usimbane tumbo. Weka ngumi katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, na uvute moja kwa moja kuelekea kwako, mara 5.

Ukikabwa ukiwa peke yako, piga 112 hata kama huwezi kusema, uache simu wazi. Kisha jibane mwenyewe kwa ngumi, au lalia mgongo wa kiti imara, sehemu ile ile juu ya kitovu, na ujisukume kwa nguvu.

Usiingize kidole kooni kutafuta. Unachokiona waziwazi mdomoni, kitoe. Usichokiona, kidole kitakisukuma chini zaidi. Hili linahusu pia meno ya Bibi: yakiwa yamelegea na unayaona, yatoe, yakiwa imara, yaache.

KUKABWA: MTOTO WA CHINI YA MWAKA 1

Mtoto wa miezi 8 HABANWI TUMBO, kamwe. Ini lake ni kubwa kwa mwili wake na mbavu hazilikingi. Usimshike miguu ukamning'iniza, wala usimtikise.

1. Kaa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, nao mkono uegemee paja. Kichwa kiwe chini kuliko kifua. Shika taya lake kwa vidole, bila kubana nyama laini chini ya kidevu, maana hapo utamziba wewe mwenyewe.

2. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Pigo liwe thabiti, lakini kwa nguvu ya mtoto.

3. Mgeuze chali juu ya mkono wa pili, kichwa bado chini, ukikishikilia kwa nyuma. Weka kisigino cha kiganja kimoja kwenye mfupa wa kidari, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Sukuma chini kwa ghafla mara 5, taratibu kuliko mikandamizo ya kufufua moyo.

4. Rudia 5 na 5 mpaka kitoke, alie, au alegee.

AKIZIMIA (UMRI WOWOTE)

Mlaze chali sakafuni, si kitandani. Godoro hunywa nguvu zako zote. 112 ipigwe sasa kama haijapigwa. Ukiwa peke yako na mtoto na simu haiko karibu, fanya dakika 2 kwanza ndipo uifuate.

Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Mtu mzima: mikono miwili, kina cha sentimita 5 na kisizidi 6. Mtoto wa miaka 4: mkono mmoja au miwili, kama sentimita 5. Wa miezi 8: kisigino cha kiganja kimoja, kama sentimita 4. Acha kifua kinyanyuke kabisa kabla ya kukandamiza tena. Kisha fungua mdomo, uangalie. Kitu kikionekana kitoe. Inua kidevu, puliza pumzi 2, kila moja sekunde 1. Kwa mtoto wa miezi 8 kichwa kisiinamishwe nyuma sana, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Pumzi ikikataa kuingia, rekebisha kichwa, jaribu tena mara 1, kisha rudi kwenye 30. Endelea 30 kwa 2 mpaka apumue au wataalamu wafike.

Aliyebanwa tumbo au kifua apelekwe Amana hata kama anacheka, kwa sababu ini au wengu huweza kuumia bila dalili ya haraka. Apelekwe pia anayebaki na kikohozi, mluzi kifuani, au hisia ya kitu kooni. Na betri bapa ya rimoti ikimezwa ni safari ya hospitali papo hapo, japo hakukabwa: inaunguza koo ndani ya saa chache.

Hadi mkubwa afikishe miaka 5 hapewi karanga nzima, bisi, pipi ngumu wala kipande cha muwa. Zabibu zikatwe kwa urefu, mara 4.

KUUNGUA

Zima chanzo kwanza. Nguo ikishika moto: simama, lala chini, viringika, mfunike kwa blanketi zito au kitenge kizito cha pamba, usitumie nailoni. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, zima gesi ukiweza kufikia, funika sufuria kwa mfuniko, na USIMWAGE MAJI: maji huzama chini ya mafuta, huchemka ghafla na kurusha moto hadi darini. Usibebe sufuria kwenda nje. Ukishindwa, toeni watu wote, fungeni mlango, 114.

Kisha:

1. Weka jeraha chini ya maji ya bomba ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Tumia saa ya simu. Ukikadiria, utaacha mapema. Ya simtangi mchana hutoka ya moto: yaache yamwagike mpaka yapoe ndipo umweke. Bomba likiwa kavu, mimina ndoo ya lita 20 kwa kopo, kama lita 1 kila dakika, ukikinga kwa beseni safi ili uyarudie. Kupooza kunasaidia hadi saa 3 baada ya kuungua, kwa hiyo aliyechelewa naye apoozwe.

2. Wakati maji yanapita, vua nguo, pete, bangili, shanga za kiunoni na kamba ya hirizi, kabla hajavimba. Nguo iliyolowa chai, uji au mafuta inaendelea kuunguza. Lakini iliyogandamana na ngozi usiivute, kata kuizunguka.

3. Pooza jeraha, si mtoto mzima. Sehemu nyingine zifunikwe khanga kavu, hasa kwa wa miezi 8, ambaye hupoteza joto upesi. Akianza kutetemeka au kulegea, acha maji, mfunike, ondokeni.

4. Funika jeraha kwa nailoni ya kufungia chakula (droo ya pili). Tupa mzunguko wa kwanza wa roli, kata kipande, kilaze juu ya jeraha. Usizungushe kama bandeji, kwa kuwa mguu au mkono ukivimba kitabana damu. Mkono uliokwisha kupoozwa unaweza kuingia kwenye mfuko safi wa plastiki. Usoni usifunike kwa nailoni.

5. Parasetamoli. Mkubwa: sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 10. Mdogo: mililita 5. Soma lebo, maana zipo chupa za nguvu nyingine. Kila saa 6, zisizidi dozi 4 kwa siku. Aspirini watoto hawapewi.

Hapana: barafu, dawa ya meno, siagi, mafuta ya nazi, asali, ute wa yai, unga, jivu, matope. Barafu inaua ngozi iliyobaki hai. Vingine vinafungia joto ndani au vinaingiza vijidudu, na daktari atalazimika kuvikwangua. Malengelenge usiyapasue.

Hospitali bila kujadiliana:
- jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake;
- uso, shingo, mikono, nyayo, viungio au sehemu za siri, au limezunguka mkono au mguu mzima;
- ngozi nyeupe, ya kahawia au nyeusi, hasa isiyouma; kutouma si nafuu, ni neva zimeungua;
- moshi umevutwa: sauti imekauka, masizi puani, pumzi nzito;
- umeme au kemikali;
- mtoto wa miezi 8 na Bibi, hata jeraha likionekana dogo.

*Umeme.* Usimguse. Zima meni swichi iliyo karibu na LUKU. Usipoweza, simama juu ya kitu kikavu cha plastiki au ubao na usukume waya kwa mpini mkavu wa fagio. Asipopumua, anza 30 kwa 2.

*Jiki, maji ya betri, dawa ya kuzibulia sinki.* Vaa glavu. Unga kavu upanguswe kwanza, ndipo maji, angalau dakika 20, yakitiririka mbali na ngozi isiyoumia. Jichoni: jicho lililoumia liwe upande wa chini, kope zifunguliwe kwa vidole, dakika 20. Usijaribu kuipoza kemikali kwa magadi wala ndimu. Mchanganyiko hutoa joto. Chukua chupa twende nayo.

Hospitalini semeni saa aliyoungua, kilichomuunguza, dakika alizopoozwa, dawa na kiasi alichopewa, na lini alichanjwa pepopunda. Kadi za kliniki za watoto ziko droo hiyo hiyo ya nailoni.