Dai Na. 2207/25: Muda wa Kukamilisha Dai au Kufungua Kesi Unakaribia Kwisha

9 Februari 2026

Ndugu Mdai,

Tunarejelea dai lako la samani zilizoharibika bomba la maji lilipopasuka tarehe 12 Machi 2025. Kwa mujibu wa kifungu cha 14 cha mkataba wako wa bima, dai lisilokamilishwa wala kufikishwa mahakamani ndani ya miezi 12 tangu siku ya hasara halitalipwa. Muda huo utakwisha tarehe 11 Machi 2026.

Bado hatujapokea makadirio ya fundi wala risiti za ununuzi. Iwapo risiti zenyewe ziliharibiwa na maji, jambo linaloeleweka, tutapokea hati ya kiapo badala yake.

Tafadhali zingatia kwamba mazungumzo yetu, pamoja na barua hii, hayasimamishi wala kuongeza muda uliotajwa.

Wako,
Ofisa Madai