Ndugu na marafiki, tumsaidie binti yetu arudi shule

Habari zenu wapendwa. Naandika kuhusu yule binti wa marehemu kaka yetu, mnamjua wote, anayetaka kusoma unesi. Mwakani anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari na ada ya muhula huu imelipwa nusu tu, hiyo nusu mama yake kaitoa kwenye biashara yake ndogo mpaka mtaji wenyewe umeisha, na mimi nimeongezea nilichokua nacho lakini bado. Shule wanataka iliyobaki ilipwe kabla hajaripoti Jumatatu.

Huyu mtoto anajituma jamani. Tangu baba yake afariki hajawahi kuacha kusoma, usiku akishawalaza wadogo zake ndo anakaa na madaftari, na baiolojia ndo anaongoza darasa. Juzi kamwambia mama yake yuko tayari akae nyumbani mwaka mzima atafute kibarua ili wadogo zake wasome, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote, maana akishatoka kumrudisha itakua ngumu sana.

Kwa hiyo naombeni, yeyote mwenye chochote, hata kidogo, anitumie kwa namba hii hii ninayowaandikia. Pesa nalipa moja kwa moja akaunti ya shule na risiti naiweka hapa wote muione. Asiye na pesa ila ana begi, viatu vya shule au vitabu vya sayansi aniambie nitavifuata mwenyewe. Na kama mwezi umekubana usione aibu, mpigie tu simu umtie moyo, atafurahi sana.