Muhtasari wa Uamuzi wa Dai la Ukimbizi: Kwa Mama Furaha, Toronto

Umeandaliwa tarehe 5 Novemba 2025, usomwe kabla ya kuonana na wakili Jumatatu tarehe 10.

Mama Furaha, shikamoo. Uamuzi una kurasa 13 na umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ndiyo maana nakuandikia huu. Huu si tafsiri ya neno kwa neno, na palipo na maoni yangu nimesema wazi kwamba ni yangu. Nambari za aya ni za uamuzi wenyewe, ili wakili azipate upesi.

Matokeo na siku ya mwisho

Dai limekataliwa. Idara ya Ulinzi wa Wakimbizi (kwenye karatasi utaona herufi RPD) ilisikiliza dai lako kwa video tarehe 7 Oktoba, uamuzi ukatiwa sahihi tarehe 30 Oktoba, na sababu za maandishi zimetufikia wewe na sisi kwa barua pepe Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025. Muda unahesabiwa tangu siku hiyo ya kupokea, wala si ile iliyoandikwa juu ya uamuzi.

Notisi ya rufaa lazima ifike Idara ya Rufaa za Wakimbizi (RAD) ndani ya siku 15, yaani kabla ya kuisha Jumanne tarehe 18 Novemba 2025. Jalada lenyewe la rufaa, lenye hoja za wakili na ushahidi, linatakiwa ndani ya siku 45 tangu siku ileile, yaani Alhamisi tarehe 18 Desemba 2025. Siku 45 hazianzi baada ya zile 15. Zote zinakimbia pamoja. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hesabu.

Tukichelewa, itabidi tuombe kuongezewa muda na kueleza sababu kwa kiapo, na hakuna anayelazimika kukubali. Notisi ni fomu fupi. Tutaipeleka siku ileile ya kikao na wakili.

Mjumbe alichokubali

Watu wengi wakisikia "umekataliwa" hudhani hakuna lililoaminiwa. Sivyo hapa. Katika aya ya 8 hadi ya 12 mjumbe wa RPD aliyeamua dai lako amekubali kwamba wewe ndiye unayesema kuwa ndiye, kwa pasipoti na kadi ya mpiga kura. Kwamba uliishi Majengo, Goma, na kuuza vitenge soko la Virunga. Kwamba ulikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kilichoandika majina ya vijana waliopotea. Na kwamba M23 waliuteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025. Amekubali pia kwamba zile siku 12 kati ya kufika Pearson tarehe 21 Machi na kuomba ulinzi tarehe 2 Aprili si ucheleweshaji wa kukushuku. Haya hatuna haja ya kuyapigania tena.

Asichoamini, na kwa nini

Sheria ya Kanada inaanza na dhana kwamba aliyeapa anasema kweli, mpaka pawe na sababu ya kutia shaka. Ni kanuni ya kesi ya Maldonado ya mwaka 1980, na mjumbe ameitaja mwenyewe katika aya ya 13. Kisha anatoa sababu nne za kuiacha. Hazina uzito sawa.

Ya kwanza ndiyo nzito, aya ya 14 hadi ya 21: usiku wa tarehe 8 Februari. Katika Fomu ya Msingi wa Dai imeandikwa "wanaume watatu wenye silaha". Mbele ya mjumbe ulisema watano. Ulipoulizwa ukaeleza kuwa watatu waliingia ndani, wawili wakabaki getini. Mjumbe anasema maelezo hayo yalikuja baada ya kubanwa. Halafu linafuata jambo la stoo. Fomu haina neno lolote juu ya uliyotendewa mle na mmoja wao. Ulilisema mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba. Mjumbe ameandika kwamba jambo zito namna hiyo "lingetarajiwa kuwemo" na akahitimisha kuwa limeongezwa ili kulitia dai nguvu.

Mama, hapa naandika maoni yangu. Uliniambia fomu ilijazwa sebuleni kwa shemeji yako, yeye akiwepo, na mkalimani alikuwa mwanamume. Uliyasema hayo pia kwenye kikao. Nimeisikiliza rekodi, yamo, dakika chache baada ya mapumziko. Uamuzi hauyataji kabisa. Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, ambayo RPD ni idara yake, ina Mwongozo wake wa 4 kuhusu masuala ya jinsia, unaowataka wajumbe waelewe kwamba mtu aliyedhalilishwa anaweza kuchelewa kulisema, na kwamba kuchelewa huko peke yake si uongo. Mjumbe ameutaja Mwongozo huo katika aya ya 6 kwa sentensi moja, kisha akatoa hukumu kama vile haupo. Kwangu hii ndiyo hoja yenu bora kuliko zote upande wa kuaminika.

Ya pili, aya ya 22 na ya 23: ulipita Rwanda. Mjumbe haoni kama ni jambo la akili mtu anayewakimbia M23 avukie Petite Barrière kwenda Gisenyi. Nadhani hajawahi kuitazama ramani ya Goma. Mji ulishatekwa, na mpaka ule uko mwendo wa miguu kutoka mjini. Kesi ya Valtchev ya mwaka 2001 inasema mjumbe asikatae jambo kwa kuwa tu haliingii akilini mwake, isipokuwa katika hali zilizo dhahiri kabisa. Hapa palihitaji ushahidi kuhusu mpaka, naye hakutaja wowote.

Ya tatu, aya ya 24 hadi ya 26: safari ya Montréal ya Oktoba 2024. Ulisema vitisho vya simu vilianza Julai 2024, lakini ulikuja Kanada kwa mkutano miezi mitatu baadaye na ukarudi Goma. Mjumbe anasema mwenye hofu ya kweli asingerudi. Jibu lako lilikuwa kwamba watoto walibaki nyumbani na mji ulikuwa bado haujaanguka. Ameliandika jibu hilo, kisha akasema halitoshi, bila kueleza kwa nini. Hoja yake si ya kupuuzwa lakini, na wakili atakuuliza juu yake, kwa hiyo jiandae kueleza taratibu ulichokuwa unakiogopa Oktoba na kilichobadilika Februari.

Ya nne inahusu karatasi, aya ya 27. Picha za ujumbe wa vitisho hazionyeshi nambari ya mtumaji. Barua ya chama ina mhuri lakini haina tarehe. Amezipa "uzito mdogo", na hapo sina la kumlaumu.

Vifungu vya sheria alivyotumia

Dai lilipimwa kwa Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, vifungu viwili.

Kifungu cha 96 ndicho cha ukimbizi wa Mkataba wa 1951: hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi fulani la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mjumbe amekubali kwamba dai lako linagusa mawili: msimamo wa kisiasa unaodhaniwa kuwa nao, na kundi la kijamii, yaani wanawake. Kipimo chake ni uwezekano wa kweli wa kuteswa. Si lazima uvuke nusu kwa nusu. Umeshindwa hapa kwa sababu tukio la Februari halikuaminiwa.

Kifungu cha 97 kinahusu hatari ya kuuawa, kuteswa au kutendewa kikatili bila kujali sababu. Kipimo ni kigumu zaidi: lazima ionekane kwamba hatari ina uwezekano mkubwa kutokea kuliko kutotokea, na iwe inakulenga wewe, si ile inayowakabili watu wote wa nchi kwa jumla. Aya ya 31 inasema vita vya Kivu ya Kaskazini ni hatari ya watu wote. Ameishia hapo.

Kinshasa

Naomba usiruke sehemu hii. Hata rufaa ikikubali kwamba kila ulichosema ni kweli, bado utashindwa kama hatutavunja aya ya 33 hadi ya 41.

Mjumbe anasema una kimbilio ndani ya nchi yako mwenyewe: Kinshasa. Mtu mwenye mahali salama nchini mwake hapewi ukimbizi. Kipimo, kutoka kesi ya Rasaratnam ya mwaka 1992, kina maswali mawili: je, utakuwa salama kule na wale unaowaogopa? Na je, kwa hali yako, ni haki kukutaka uende ukaishi kule?

Kwa swali la kwanza anasema M23 hawaushiki mji wa Kinshasa na hakuna ushahidi kwamba wangekutafuta kule. La pili anasema unajua Kifaransa, umefanya biashara miaka mingi, utajimudu. Ulimwambia Lingala hujui, huna ndugu, una watoto wawili wa kulea peke yako, na kwamba mtu mwenye lafudhi ya Kiswahili cha mashariki anatiliwa shaka kule kuwa mtu wa waasi. Yote hayo amepewa aya moja, ya 39.

Ugumu ni kwamba mahakama zimeweka kizingiti cha juu kwa swali la pili: maisha magumu na kukosa kazi havitoshi, panahitajika ushahidi halisi wa hali inayohatarisha maisha au usalama. Kusema barabara kutoka mashariki imefungwa hakutasaidia pia, maana ukitoka Kanada ungetua Kinshasa moja kwa moja kwa ndege. Tunachohitaji ni ushahidi wa yanayowapata wanawake waliotoka Kivu wakiwa peke yao mjini humo.

Rufaa inavyokwenda

Njia ya rufaa iko wazi kwako. Mjumbe hakutamka kwamba dai "halina msingi wowote wa kuaminika" wala kwamba "ni dhahiri halina msingi". Angetamka mojawapo, mlango wa RAD ungefungwa. Pia uliingia kwa ndege, si kwa mpaka wa nchi kavu na Marekani.

RAD kwa kawaida haiti watu. Inasoma jalada na kusikiliza rekodi. Inaweza kuthibitisha uamuzi, kuubadilisha na kukupa ukimbizi, au kulirudisha dai lisikilizwe upya. Ushahidi mpya unapokelewa tu ikiwa umetokea baada ya dai kukataliwa, haukupatikana kabla yake, au hukutarajiwa kuutoa wakati ule. Barua ileile ya chama ikitiwa tarehe leo, huenda isipite.

Rufaa ikiwa imewasilishwa, amri ya kuondoka haianzi kufanya kazi. Zaidi ya hapo, Kanada imesitisha kwa muda kuwarudisha watu Kongo kwa jumla. Usitishaji huo unakuzuia kurudishwa lakini haukupi hadhi yoyote wala haukuletei watoto kutoka Kampala, kwa hiyo usikubali mtu akuambie rufaa haina maana. Mahakama ya Shirikisho inafuata baadaye, siku 15 baada ya uamuzi wa RAD. Huwezi kuiruka RAD ukaenda huko.

Uje na nini Jumatatu

Bahasha na barua pepe ya tarehe 3 usizifute. Njoo na simu yenyewe yenye ujumbe wa vitisho, si picha zake, tuone kama nambari bado imo. Jina na simu ya aliyekukalimania fomu, kama unayo. Wakili ni mwanamke, na mkalimani wa siku hiyo atakuwa mwanamke pia. Shemeji atasubiri nje. Ukitaka habari ya stoo iandikwe kwenye kiapo tutaiandika siku hiyo kwa kasi yako, na kama hutaki, sema tu. Saa nne asubuhi, ghorofa ya pili.