YAH: Maombi ya ufafanuzi, zabuni ya ujenzi wa vyumba 2 vya madarasa

Ndugu Ofisa Ununuzi,

Jedwali la gharama, kipengele 3.4, linataja zege la jamvi daraja C25, ilhali mchoro namba 2 unaonyesha C20. Tafadhali thibitisha daraja la kufuatwa. Tofauti hiyo inabadilisha idadi ya mifuko ya saruji, na kwetu wakandarasi wa daraja la saba inaweza kumeza faida yote.

Je, Tamko la Dhamana ya Zabuni linakubalika badala ya dhamana ya benki?

Kutembelea eneo ni lazima, lakini tarehe haikutajwa. Tunaomba itajwe.

Tunaomba majibu yatumwe kwa wazabuni wote bila kumtaja muulizaji.

Wako mtiifu,
Mkurugenzi